Limiti ngumu na developma limite: venye watu banasema na venye iko kweli

Kila mwaka Egzeta ikikaribia, mu ma-ripetisyo ya mat-fizik hapa Bukavu unasikia maneno ileile juu ya limiti. Tuchukue moja tu, juu inafunua karibu yote:

```
lim x→0  ( 1/sin²x − 1/x² )
```

"Ukiona 0/0, weka Lopitali, derive mpaka itoke"

Itatoka, sikatae. Lakini ona bei yake. Unaweka kwanza denominatere moja, inakuwa (x² − sin²x) / (x² sin²x), unaderive juu na chini, inabaki 0/0, unaderive tena, 0/0, ya tatu pia 0/0, na kule chini saa hiyo uko na

```
6 sin2x + 12x cos2x − 4x² sin2x
```

na ukisahau alama moja ya kutoa hapo, basi kazi yote imekufa. Ni derive ya ine njo inakupa 8/24, ni kusema 1/3.

Sasa fanya na developma limite, DL kwa kifupi: unaandika fonksyo kama vipande vya x, x², x³, na o(x³) ni mabaki yenye iko ndogo kupita x³. Unajua sin x = x − x³/6 + o(x³). Weka karé: sin²x = x² − x⁴/3 + o(x⁴). Juu, x² inakatana na x², inabaki x⁴/3. Chini, x² mara sin²x inaanza na x⁴. Gawanya: 1/3. Mistari tatu, hakuna derive hata moja. (Na hiyo Lopitali mwenyewe, kanuni aliichapisha mu 1696, lakini aliyeivumbua ni Johann Bernoulli, mwenye Lopitali alikuwa analipa.)

"sin x ni sawa na x, basi weka x fasi yote"

Hii njo inaangusha wengi, na ni mubaya juu inatoa jibu lenye sura ya kweli. Ukiweka x fasi ya sin x kule juu, unapata x² − x² = 0, unaandika limiti ni 0, na mu ma-asersyo ya Egzeta hiyo 0 inaweza kuwa pale inakungojea.

Kule chini ulikuwa na haki ya kufanya hivyo, kwa sababu kule ni kuzidisha. Kule juu hapana, ni kutoa: vipande vya kwanza vinauana, na jibu liko mu kipande chenye kilibaki, kile wewe ulikitupa. Ukiona kila kitu kimekatana na imebaki 0 tupu, hiyo haiko jibu, ni alama kwamba ulikata DL mapema. Angalia kwanza chini inaanza na x ya ngapi, hapa ni x⁴, basi na kule juu fika mpaka x⁴. Kupita pale ni kujisumbua bure.

"DL ni kukadiria, basi na jibu ni la kukadiria"

Hapana. Ile o(x⁴) haiko takataka yenye tumeficha, ni kitu chenye ukikigawanya na x⁴ kinaenda 0. Kwa hiyo 1/3 ni 1/3 kamili. Ukitaka kuhakikisha, shika kalkulatris, weka x = 0,1 utaona kama 0,334. Lakini iwe mu radiani, mu degré itakutolea namba kubwa ya ajabu. Na usijidai kuweka x = 0,0000001 eti upate jibu safi zaidi: pale 1/x² ni 1 na sifuri 14, kalkulatris haina tena fasi ya kushika desimali, itakuandikia 0 ao upuuzi mwingine, kumbe limiti haijabadilika.

"Inatumika paka kwa x→0"

Badilisha tu herufi. Kwa x→∞ ya x − x² ln(1 + 1/x), weka t = 1/x, inakuwa (t − ln(1+t)) / t². Na ln(1+t) = t − t²/2 + o(t²), basi 1/2, umemaliza.

Penye DL inakataa kweli ni penye fonksyo yenyewe haina DL pale. sin(1/x) karibu na 0 inacheza bila kutulia, hakuna kipande cha kwanza wala cha pili cha kuandika, basi x·sin(1/x) unaibana kati ya −|x| na |x|, inaenda 0. Na Lopitali pale haikusaidii: ukiandika sin(1/x) / (1/x), haiko 0/0 wala ∞/∞, kwa sababu sin(1/x) haina limiti na iko inabaki kati ya −1 na 1. Na kwa sin 3x / x, sijui nani angepoteza wakati na DL ama na Lopitali, ni 3, andika uende.