Kaswende chini ya hadubini: tatizo si ukuzaji

"Nikitumia lenzi ya mara 100 kwenye hadubini ya kawaida, mbona nisimwone bakteria wa kaswende?"

Kinachomficha ni wembamba. Bakteria huyu ni spirokaeti, yaani mwenye umbo la skrubu, na ana urefu wa maikromita 6 hadi 15, lakini unene wake ni kama 0.2 tu, pale pale uwezo wa hadubini ya mwanga unapoishia. Tena rangi ya Gramu haimshiki vya kutosha. Ukikuza zaidi, unapanua weupe uleule.

Suluhisho ni kondensa ya uwanja mweusi, kifaa cha chini ya slaidi kinachoelekeza mwanga: huziba mwanga wa katikati, ukabaki ule unaopita kwa mshazari. Usipogonga kitu, hauingii kwenye lenzi. Ukimgonga spirokaeti hutawanyika, naye hung'aa kama uzi wa fedha gizani.

Safisha kidonda kwa chachi na salaini, kisha chukua majimaji maangavu. Damu ni kikwazo kikubwa, kwani seli nyekundu hung'aa na kumfunika. Weka tone la mafuta kati ya kondensa na slaidi. Povu la hewa likibaki hapo, mwanga hauifikii sampuli vizuri na picha huharibika.

Tazama ndani ya dakika 20, angali hai, maana mwendo ndio unaomtambulisha. Flajela zake, nyuzi zinazomwendesha, zimefungwa ndani, chini ya utando wa nje. Zikizunguka, mwili mzima hujisokota kama skrubu, na mara nyingine hujikunja katikati kisha ukanyooka ghafla.

Kidonda cha mdomoni hakifai kwa kipimo hiki: kinywani huishi treponema wengine, bakteria wa jamii yake, wanaofanana naye mno.