Makato ya kutuma na kutoa hela: watu tunavyodhani na inavyokuwa kweli

Msimu wa korosho ukifika huku kwetu Mtwara hela zinatembea sana kwenye simu, mjini kwenda Newala, Tandahimba kwenda Masasi, na malalamiko ya makato yanatembea nazo. Mengi ni ya haki kabisa ila mengine yanatoka kwenye kutojua makato yanahesabiwaje, na hapo ndo watu wanapoteza hela ambayo isingepotea.

DHANA: Makato ni asilimia, ukituma kubwa zaidi yanapanda kidogokidogo.

Hapana. Yanaenda kwa madaraja. Angalia lile bango la viwango kwa wakala, utaona kitu kama 50,000 mpaka 99,999 ada moja, halafu 100,000 mpaka 199,999 ada nyingine. Ndani ya daraja hata utume 51,000 au 98,000 unakatwa sawasawa, ila ukivuka mpaka hata kwa shilingi moja unakatwa ada nzima ya daraja la juu. Na kuna kitu kimoja wengi hawakioni: ada ya kutuma inaangalia kiasi ULICHOTUMA, ada ya kutoa inaangalia kiasi KINACHOTOLEWA. Ni hesabu mbili tofauti.

Tufanye hesabu. Namba hizi nazitunga za mfano, we weka za mtandao wako. Tuseme daraja la chini ya laki kutuma ni 1,000 na kutoa 2,800, daraja la laki kutuma 1,500 na kutoa 3,600. Mama yuko Newala anataka 98,000 mkononi awalipe vibarua wa kupalilia. Unamwekea na ya kutolea, inakuwa 100,800, basi ushavuka laki bila kujua, unakatwa 1,500 ya kutuma japo mama mwenyewe anatoa 98,000 kwa ada ya daraja la chini. Kama 97,000 zingemtosha ungetuma 99,800, ukakatwa 1,000, nae akatoa zake kwa 2,800 ileile. Kwahiyo ukishajumlisha na ya kutolea ndo uangalie umeangukia daraja gani, usiangalie ile namba uliyoanza nayo kichwani.

DHANA: Nikigawa mara mbili nakatwa kidogo.

Mara nyingi ni kinyume. Kwa namba zetu hizohizo kutoa laki moja kwa mpigo ni 3,600, ukitoa hamsini hamsini ni 2,800 mara mbili, yani 5,600. Na hela ndogo ndo inaumia zaidi ukiilinganisha na ukubwa wake, kwahiyo mtu anaetoa kidogokidogo kila siku kwa wakala anakatwa sana kuliko jirani yake anaetoa mara moja kwa wiki.

DHANA: Mtandao wa bei rahisi ni ule wenye ada ndogo ya kutuma.

Hapa watu wanalinganisha nusu ya safari tu. Hela imefika pale inapokuwa mkononi kwa mtu, sasa jumlisha kutuma NA kutoa. Unaweza ukamtumia shangazi Nachingwea kutoka M-Pesa kwenda Airtel Money au Halopesa, kutuma kukawa juu kidogo, ila akija kutoa kwenye laini yake pale anakatwa pungufu na jumla ikawa afadhali. Au isiwe hivyo, inategemea daraja, manake kampuni moja inaweza kuwa rahisi kwenye elfu ishirini na ghali kwenye laki tatu. Chukua kiasi chako unachotuma mara kwa mara, tafuta jumla mbili, basi.

Wakulima nao, hela ya korosho ikiingia benki wengine wanaihamishia kwenye simu ndo wakatoe kwa wakala wa simu. Hapo unaweza kukatwa mara mbili, kuhamisha na kutoa, wakati pengine wakala wa benki yako yupo mtaa huohuo. Ulizia ada yake kwanza.

DHANA: Wakala ndo anakula makato.

Ada ya kutoa inakatwa na mfumo kwenye akaunti yako, wakala analipwa kamisheni na kampuni. Kwahiyo akikwambia ongeza mia tano ya mkononi, au anakudai hela ya kuweka wakati kuweka ni bure, hiyo ni yake mwenyewe na hutaiona kwenye meseji. Soma meseji papo hapo kabla hujaondoka dirishani: kiasi, ada, salio. Salio la zamani ukitoa kiasi na makato yaliyoandikwa lazima lilingane na salio jipya.

Na kama mama anaenda kununua dawa ya mikorosho kwenye duka lenye lipa namba, hana haja ya kutoa kabisa, alipe hukohuko kwenye simu na ile ya kutolea ibaki kwake. Muuza duka akitaka aongezewe "ya kutolea" juu ya bei, hapo aulize bei ya keshi ni ngapi kabla hajaingiza namba ya siri.