Mto haukuambii ni benki gani

Wiki hii nimeambiwa tena kwamba utata wa Kiingereza ni jambo la kamusi: ukikuta neno lenye maana mbili, tazama neno la jirani, litakupa jibu. Safari hii msemaji ni kijana anayejifunza tafsiri kwangu hapa Malindi, na mfano wake ni uleule wa kila mtu, neno "bank", ambalo huwa benki au ukingo: "the bank by the river". "Mwalimu, mto upo hapo, kwa hiyo ni ukingo."

Si ukingo. Ni benki ya pesa. Ukingo haukai kando ya mto. Ukingo ndiyo kando yenyewe. Mwingereza akitaka ukingo husema "the river bank" au "the bank of the river". Akisema "by the river" anakuelekeza: benki ziko kadhaa, naisema ile iliyo karibu na mto. Nikamwambia kijana aende Mambrui akawaulize watu uko wapi ukingo ulio karibu na Sabaki, aone watakavyomtazama. Neno la jirani alilolitegemea ndilo lililompoteza, na jibu lilikuwa kwenye kale kaneno "by" ambako hakuna anayekatafuta kamusini. Nakiri, nikimkuta mtu "asleep on the bank by the river", nami nitamlaza ukingoni. Waingereza nao hurudia maneno.

Lakini benki hainikoseshi usingizi. Ukiikosea, sentensi inakuwa kichekesho na msomaji anashtuka. Ninaogopa utata ambao hakuna anayeushtukia. Mwaka mmoja ofisi fulani ilinipa tangazo la wavuvi, na ndani yake mlikuwa na sentensi hii:

"Members must register nets and canoes bought before 2015."

Maneno yote mepesi. Niliandika bila kusita: "Wanachama wasajili nyavu na mitumbwi iliyonunuliwa kabla ya 2015." Tangazo likabandikwa. Siku ya usajili mzee mmoja akaja na mkokoteni umejaa nyavu, nyingine mpya kabisa. Karani akamwambia hizi mpya hazihitajiki. Mzee akasoma tangazo kwa sauti, akamwonyesha kwa kidole: iliyonunuliwa ni mitumbwi. Nyavu hazikuwekewa mwaka.

Alikuwa sahihi. Kile kipande cha mwisho, "bought before 2015", kwa Kiingereza kinaweza kuning'inia kwenye mitumbwi peke yake au kwenye vyote viwili, na hakuna alama inayokwambia. Kiswahili hakikuachii uhuru huo, kwa sababu kitenzi lazima kivae ngeli ya mtu fulani. Nilipoandika "iliyo-" nilikuwa nimeshaamua bila kujua kama kulikuwa na jambo la kuamuliwa. Na tazama ujanja wa lugha yetu: kama tangazo lingetaja mashua badala ya mitumbwi, ningeandika "nyavu na mashua zilizonunuliwa", ngeli zingelingana, na utata wote ungevuka salama hadi upande wa pili. Ndiyo maana siamini kanuni ya jumla hapa. Sentensi moja huwa hatari au salama kutegemea nomino iliyokaa ndani yake.

Siku hizi nikiona "na" kati ya nomino mbili na maelezo yakifuata, naandika tafsiri mbili kamili kabla ya kuchagua. Ya kwanza: "nyavu na mitumbwi, vyote vilivyonunuliwa kabla ya 2015". Ya pili: "nyavu zote, pamoja na mitumbwi iliyonunuliwa kabla ya 2015". Zikitofautiana, nampigia mwenye maandishi. Simwulizi sentensi ina maana gani, kwa kuwa atajibu kwamba iko wazi. Wote hujibu hivyo. Namwuliza: mtu mwenye wavu wa mwaka 2020, asajili au asisajili? Hapo husikia kimya kidogo kwenye simu.

Asipopatikana? Sina jibu linaloniridhisha. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani iligawanyika 6 kwa 2 juu ya kipande cha namna hiyo kwenye sheria: walio wengi wakakifunga kwenye neno la mwisho tu, wawili wakakifunga kwenye orodha nzima. Hao ni wenye Kiingereza chao. Mimi hukifunga kwenye vyote, kisha namwandikia mteja pembeni kwamba nimechagua.

Na kuna jambo jingine linalonisumbua. Wapo wasemaji wengi ambao kwao "nyavu na mitumbwi iliyonunuliwa" inabeba vyote viwili, ngeli ikifuata tu nomino iliyo karibu. Karani alikuwa mmoja wao. Kwa hiyo sasa hata ninapojua maana, siiachii ngeli peke yake. Naongeza "vyote" au "zote", hata sentensi ikionekana nzito.

Ofisi ilijibu kwamba wavu wa 2020 hauhusiki. Mzee alikwisharudi nyumbani na mkokoteni wake, na nauli ya mkokoteni nililipa mimi.