Mabati yanavuja, mfuko wa zaka umejaa: kamati ifanye nini?

Dhana: Kiongozi mtumishi huwapa waumini wanachotaka.

Nilikuwa katibu wa kamati ya msikiti mmoja Majengo, Pumwani. Ramadhani moja mvua ilitukuta mabati ya upande wa akina mama yameoza, na kufikia kumi la mwisho mikeka yao ilikuwa imelowa chapa. Fundi alitaka shilingi 280,000. Mfuko wa jengo ulikuwa na 40,000, wa zaka 310,000. Baada ya tarawehe mzee mmoja akasimama: "Pesa mnazo. Mama zetu wasujudu majini mpaka lini?" Msikiti mzima ukaitikia.

Tukakataa. Aya ya 60 ya Suratut Tawba imetaja mafungu manane ya wanaostahiki zaka, na wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, hawaingizi ujenzi wa msikiti humo. Zile pesa zilikuwa na wenyewe: wajane, wenye madeni, vibarua wasio na kazi. Wengi wao hawakuwepo usiku ule, na waliokuwepo waliona haya kusema.

Mtu akasema basi tukope, tutarudisha. Hili ndilo lililotutoa jasho, maana lilisikika la busara. Lakini fukara hana karatasi ya kukudai, na zaka haifai kucheleweshwa ilhali wenyewe wapo.

Dhana: Ukishauriana na watu, huna tena haki ya kukata shauri.

Aya ya 159 ya Aal Imran inamwamuru Mtume (S.A.W.) ashauriane na masahaba, kisha akishaazimia amtegemee Mwenyezi Mungu. Kabla ya vita vya Uhud, mwaka wa 3 Hijria, alisikiliza wengi waliotaka kutoka Madina, ingawa yeye alipendelea kubaki. Walipojuta na kutaka kumrudishia uamuzi, alikuwa ameshavaa deraya, na hakuivua. Sisi tulikaa vikao viwili, tukamwita imamu na kina mama watatu. Cha kujadiliwa kilikuwa mabati yatengenezwe vipi. Zaka ni ya nani halikuwa suala la kura.

Dhana: Ukishasema hapana, umemaliza.

Kesho yake alfajiri mwenyekiti alikuwa na ndoo na tambara, anakausha sakafu kabla akina mama hawajafika. Upande wa wanaume tukausogeza mbele safu mbili, kina mama wakapata pakavu. Manung'uniko hayakuisha, ila yalipungua.

Tulipopekua vitabu tukagundua kosa letu wenyewe: risiti ziliandikwa "mchango" tu. Ndiyo maana watu waliona fungu moja kubwa. Tukachapisha risiti zenye mistari miwili, zaka na jengo, na kila Ijumaa mweka hazina akabandika salio la kila mfuko mlangoni, karibu na rafu ya viatu.

Mabati yalipandishwa paani wiki ya sita baada ya Idd. Yule mzee alichangia misumari, na mpaka leo anashikilia kuwa tulikosea.