Picha ya pambo, picha yenye taarifa, na picha isiyoonekana

Katika ukaguzi wa tovuti kwa ajili ya watumiaji wasioona, swali ninaloulizwa mara nyingi ni namna ya kuandika maelezo mazuri ya picha. Kwangu mimi swali hilo ni la pili. La kwanza ni iwapo picha hiyo inastahili maelezo hata kidogo, kwa sababu kisoma skrini, yaani programu inayomsomea mtumiaji kwa sauti, husoma ukurasa kwa mfuatano, neno baada ya neno, na kila pambo linalotajwa humkatiza msikilizaji katikati ya jambo alilokuwa akilifuata.

Katika msimbo wa ukurasa, maelezo hayo hukaa kwenye sifa iitwayo `alt`, nayo ina hali tatu ambazo wengi huzihesabu kuwa mbili:

```html
<img src="gia.png" alt="Kitufe chenye alama ya gia">
<img src="ua.png" alt="">
<img src="IMG_0007.jpg">
```

Ya kwanza inasema kwamba picha ina taarifa, na taarifa yenyewe ni hii. Ya pili, iliyoachwa tupu kwa makusudi, inakiambia kisoma skrini kwamba picha ni pambo na kiipite kimya. Ya tatu haisemi lolote, kwa hiyo programu hulazimika kukisia. Baadhi husoma jina la faili, hasa picha inapokuwa ndani ya kiungo, na mtumiaji akasikia mfuatano wa herufi na tarakimu usio na maana. Nyingine huiruka picha kabisa, na hilo kwa maoni yangu ni baya zaidi, kwa kuwa msikilizaji hawezi kutofautisha ukimya ulioamuliwa na ukimya wa uzembe.

Tuchukue ukurasa unaoeleza namna ya kubadilisha nywila. Juu kabisa kuna picha ya mtu anayetabasamu mbele ya kompyuta. Hiyo ni pambo, na `alt` yake iachwe tupu. Chini yake kuna pembetatu ya njano kando ya aya inayoanza kwa neno “Onyo”. Nayo ni pambo, kwa sababu neno limeshafanya kazi ya alama. Lakini neno hilo likiondolewa kwenye aya, pembetatu ileile hugeuka kuwa taarifa na inahitaji `alt="Onyo"`. Faili haikubadilika hata chembe. Kilichobadilika ni maneno yanayoizunguka, na ndiyo maana hakuna anayeweza kuamua aina ya picha kwa kuitazama peke yake.

Hatua ya tatu ya ukurasa huo inasema, “Bonyeza kitufe hiki,” kisha inafuata picha ya gia. Mwandishi akiiacha `alt` tupu, sentensi inaelekeza mahali pasipo na kitu: msikilizaji anaambiwa abonyeze, halafu anapelekwa moja kwa moja hatua ya nne. Vivyo hivyo kwa picha ya printa ambayo ndiyo pekee iliyomo ndani ya kiungo. Hapo `alt` iseme “Chapisha ukurasa”, yaani kazi ya kiungo, wala si umbo la printa.

Ukurasa huohuo hujieleza vizuri zaidi picha zinapokosekana kwa kila mtu, kwa mfano faili zikihamishwa au mtandao ukikatika. Penye maelezo, kivinjari huonyesha maandishi mahali pa picha, na hatua ya tatu inaendelea kufuatika. Penye `alt` tupu, kwa kawaida hakionyeshi chochote, na hakuna kilichopotea. Palipokosa `alt` huweza kubaki alama ya picha iliyovunjika, na hapo hata anayeona vizuri hajui kama amekosa tabasamu au amekosa kitufe. Kwa hiyo mimi huzima picha kwenye kivinjari na kusoma ukurasa kuanzia juu hadi chini. Kila mahali ninapokwama pana picha yenye taarifa isiyo na maelezo.

Picha zisizo na `alt` kabisa hupatikana upesi kwa amri hii kwenye konsoli ya kivinjari:

```js
document.querySelectorAll('img:not([alt])')
```

Amri hiyo, sawa na vifaa vingi vya ukaguzi, haiwezi kugundua `alt` tupu iliyowekwa pasipostahili. Kwake, gia ya hatua ya tatu ni pambo halali. Hapo ndipo hutokea ujanja ambao siukubali: mtu anakuta faili imepotea, hakumbuki ilionyesha nini, kisha anaweka `alt=""` ili kifaa kinyamaze. Pengo linabaki, ila sasa hakuna chombo kitakacholionyesha tena. Afadhali asome sentensi iliyotangulia picha, na ikiwa inaitegemea, aiandike upya ijitegemee: “Bonyeza kitufe cha Mipangilio.”