Mizani imetimia, mbona mstari haukai?

Kijana mmoja kutoka Tandahimba alinijia Mtwara mjini na daftari lake la nyimbo. Mistari ilikuwa mizuri, vina vimekaa, mizani nane kila mahali. Akaweka mdundo kwenye simu, akaimba. Nilisikia maneno ya Kiswahili, lakini kama yanasemwa na mtu aliyejifunza lugha juzi. Yeye mwenyewe alilisikia hilo ila hakujua limetoka wapi. "Mwalimu, nimehesabu mara tatu, ziko nane," akaniambia. Zilikuwa nane kweli. Nafundisha kuimba, na tatizo hili nakutana nalo karibu kila wiki, kwa hiyo ngoja nizipitie dhana zinazolizaa.

Dhana: mizani ikitimia, mstari utakaa kwenye mdundo

Mizani inahesabu silabi tu. Haisemi ni silabi ipi inatamkwa kwa nguvu. Kiswahili nacho kina kanuni yake: mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno. Ko-RO-sho. Sha-MBA-ni. Neno likiongezewa kitu mwishoni, mkazo unahama nalo: SHA-mba, sha-MBA-ni. Mdundo nao una sehemu zake nzito, yale mapigo unayoyapiga kwa mguu, na sehemu nyepesi zilizo katikati yake. Kazi yote ni kuzikutanisha silabi nzito na mapigo mazito, na hapo mizani haina msaada.

Mstari wa yule kijana ulikuwa "Korosho zangu shambani". Hesabu mdundo wa mapigo manne hivi: moja na, mbili na, tatu na, nne na. Namba ni mapigo, "na" ni katikati. Yeye alianza pigo la kwanza, silabi moja kwa kila nafasi:

```
1   na  2   na  3   na  4   na
ko  RO  sho ZA  ngu sha MBA ni
```

Silabi zenye mkazo nimeziandika kwa herufi kubwa. RO imeangukia "na". ZA imeangukia "na". Ni MBA peke yake iliyopata pigo lake. Msikilizaji anachosikia ni KO-ro-SHO za-NGU sha-MBA-ni. Maneno mawili kati ya matatu yamepinda, na nane zake zote zimo.

Dhana: ni kosa la mdundo, ongeza kasi au mwachie prodyuza

Ukiongeza kasi, mdundo na maneno vinakimbia pamoja, na RO inabaki palepale kwenye "na". Kwenye mapigo 100 kwa dakika kila pigo ni sekunde 0.6, kwenye 120 ni sekunde 0.5. Kilichobadilika ni muda, nafasi hazikubadilika. Ile programu ya kunyoosha sauti nayo inanyoosha sauti iliyopanda au kushuka vibaya. Haijui lolote kuhusu mkazo.

Prodyuza anaweza kuusogeza mstari mzima nusu pigo. Hilo lina maana, tena mara nyingi ndilo la kwanza kujaribu. Tukaijaribu kwa mdomo, mimi nikigonga meza. "Ko" ikatangulia kabla ya pigo la kwanza, RO ikapokea pigo:

```
na  1   na  2   na  3   na  4
ko  RO  sho ZA  ngu sha MBA ni
```

Korosho zikapona. "Zangu" ikapona. Lakini sikiliza mwisho: sasa "sha" iko kwenye pigo la tatu, MBA imesukumwa kwenye "na", na "ni" imepata pigo la nne. Tumeponya maneno mawili na kuvunja moja. Kusogeza mstari mzima kunatibu pale tu maneno yote yamekosea kwa namna moja.

Sababu yake inafaa kueleweka, maana ukishaijua hutabahatisha tena. Neno la silabi mbili likianza kwenye pigo linakaa, kwa kuwa mkazo uko mwanzoni. La silabi nne likianza kwenye pigo linakaa pia, kwa kuwa mkazo uko kwenye silabi ya tatu, yaani pigo linalofuata. Msumbufu ni neno la silabi tatu. Hilo linataka kuanza kwenye "na", ili silabi yake ya katikati ipokee pigo. Na kila neno la silabi tatu likipita, linageuza zamu ya neno linalofuata. "Korosho" ilianza kwenye "na" na kuishia kwenye "na", kwa hiyo "zangu" ikaanza kwenye pigo, sawa kabisa. "Zangu" nayo ikaishia kwenye "na", hivyo "shambani", neno jingine la silabi tatu, likalazimika kuanza kwenye pigo. Hapo ndipo lilipovunjika.

Dawa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kutobadilisha neno: vuta "ngu" ipite pigo la tatu, au pumua hapo, kisha "sha" iingie kwenye "na" ya tatu na MBA ipate pigo la nne. Inafaa, ila alitaka mstari unaotembea bila kusimama. Ya pili ni kubadilisha umbo la neno la mwisho. Nikamuuliza, "Nyumbani ungelisemaje hili?" Akajibu bila kufikiri, "Korosho zangu huko shamba."

```
na  1   na  2   na  3   na  4   na
ko  RO  sho ZA  ngu HU  ko  SHA mba
```

Mikazo minne, mapigo manne. Na mizani ni tisa. Kwa utenzi au shairi hilo lingekuwa kosa, kwa wimbo ndio mstari uliokaa. Akauimba mara moja tu, dada aliyekuwa anapita dirishani akaurudia akiondoka.

Dhana: Kiswahili hakibadiliki maana kwa mkazo, watu wataelewa tu

Maneno yanayotofautiana kwa mkazo pekee ni machache kweli. Mfano unaojulikana ni "barabara": ba-ra-BA-ra ni njia ya magari, ba-RA-ba-ra ni sawasawa. Lakini mkazo una kazi nyingine kubwa zaidi, nayo ni kumwambia msikilizaji neno linaishia wapi. Akisikia silabi nzito anajua imebaki moja, kisha neno jipya. Ukihamisha mkazo, anakata maneno mahali pengine.

Chukua "Walima korosho" iliyoanzia pigo la kwanza. Mkazo wa "walima" uko kwenye LI, ila pigo limemwangukia "wa". Sikio linapokea WA-li, chakula, halafu linabaki na "mako" isiyo na maana. Mtu aliyekaa nyuma ya ukumbi, spika zikiwa mbovu, hana cha kumsaidia isipokuwa huo mkazo. Mstari huo unapona ukiandikwa "Wakulima wa korosho":

```
1   na  2   na  3   na  4   na
wa  ku  LI  ma  wa  ko  RO  sho
```

Tazama kazi ya hiyo "wa" ndogo ya katikati. Imeshika pigo la tatu bila kumnyang'anya mtu mkazo, na imeisukuma "korosho" ianzie kwenye "na". Maneno haya madogo, wa, za, ya, na, ni, ndiyo kabari zetu. Ukikwama, tafuta kwanza mahali ambapo moja linaweza kuingia au kutoka bila kuharibu sarufi.

Wengi pia huimeza "m" wakidhani haina uzito. Katika "mtu" silabi ni mbili na mkazo uko kwenye M yenyewe. Katika "Mtwara" silabi ni tatu, m-TWA-ra. "Kila mtu Mtwara" inaanza vizuri halafu TWA inaangukia "na". "Kila mtu wa Mtwara" inakaa yote: KI kwenye moja, M kwenye mbili, "wa" kwenye tatu, TWA kwenye nne. Hiyo M ifumbie midomo na uivume kwa urefu wake kamili.

Dhana: basi kila mkazo lazima ugonge pigo

Ukifuata hivyo wimbo wako wote utakuwa kama watoto wanaokariri. Waimbaji hutanguliza silabi kabla ya pigo na inapendeza. Tofauti ni ndogo ila sikio linaikamata. Rudi kwenye "shambani" iliyovunjika. MBA ilikuwa kwenye "na" ya tatu, fupi, kisha "ni" ikapigwa na pigo la nne. Sasa acha MBA palepale, lakini ivute ipite juu ya pigo la nne, na "ni" ije baada yake. MBA imeanza mahali palepale, na mstari umepona, kwa sababu pigo limeanguka ndani ya irabu ya silabi nzito.

Kwa hiyo kinachoumiza sikio ni silabi nyepesi kukaa kwenye pigo, ndefu na ya sauti ya juu, huku jirani yake yenye mkazo ikipita haraka. Wanaozungumza Kimakonde hili hulishika upesi, maana lugha yao huirefusha silabi ya pili kutoka mwisho mtu anapomalizia kusema. Nawaambia warefushe palepale.

Na mdundo wenyewe si lazima ugawe pigo mara mbili. Kwenye ngoma inayogawa kila pigo vipande vitatu, yale maneno sumbufu ya silabi tatu ndiyo yanayokaa kuliko yote: ko-RO-sho mu-HO-go ba-HA-ri, kila mkazo unafuatwa na silabi mbili nyepesi na pigo jipya. Kabla hujafuta mstari, ujaribu hapo.

Dhana: ubeti wa kwanza ukikaa, wa pili utafuata sauti ileile

Utafuata ukiwa na mikazo mahali palepale. Ubeti wa pili wa kijana wetu ulianza "Mnada wa pili kesho". Kwa kuanzia na m kabla ya pigo, NA ilipata pigo la kwanza, kisha PI na KE zote zikaangukia "na". Nilimwomba aseme mstari huo kama anamwita jirani ng'ambo ya uwanja, huku akipiga kofi kila penye nguvu, bila muziki. Hiyo ndiyo njia ninayoiamini: makofi yanakuja yenyewe, unayaandika juu ya silabi, halafu unalinganisha na ubeti wa kwanza. Aliona makofi yake matatu yamekaa kwenye silabi ya pili, ya tano na ya saba, wakati sauti inataka ya pili, ya nne, ya sita na ya nane.

Neno "pili" hakutaka liondoke, kwa sababu mnada wa kwanza korosho zake zilikuwa bado hazijafika ghalani. Tukalihamishia mstari wa chini. Wa juu ukawa "Mnada wetu ni wa kesho", silabi ya sita ikabaki nyepesi, na hilo halikusumbua, maana pigo la tatu lilishikwa na "ni", neno dogo lisilo na mkazo wa kupokonywa.