Je, wajua? Kwa nini dozi ile ile ya insulini inaweza kukuangusha ukihama sehemu ya kuchoma

"Sista, dozi sijabadilisha, ugali nimekula kama kawaida, sijafanya kazi ngumu. Nilichobadilisha ni mahali tu: badala ya tumboni nikachoma pajani. Mbona usiku sukari imeshuka hadi 2.6?"

Nilimwomba mama aliyeniuliza hivyo alale kitandani afunue tumbo. Kwa macho hapakuwa na kitu. Nikapaka vidole losheni kidogo, maana vidole vikavu vinakwama na havihisi vizuri, nikapapasa polepole kuzunguka kitovu. Upande wa kulia nikakutana na kinundu, laini kama mpira, upana wake kama yai la kuku. Upande wa kushoto ngozi ilikuwa ya kawaida, unaikunja kwa vidole viwili bila shida. Nilipobonyeza kile kinundu akacheka. "Hapo ndipo pangu, sista. Hapaumi kabisa."

Hapaumi kweli, na ndiyo hila yenyewe. Insulini, pamoja na kushusha sukari ya damu, inazifanya chembe za mafuta zinenepe. Ukiichoma mahali pamoja kila siku, mafuta ya hapo yanavimba, sindano nazo zinaacha vidonda vidogo vidogo ndani, na baada ya miezi panakuwa na kinundu kisicho na hisia kali. Mtu anapapenda. Kumbe dawa inayoingia hapo haiendi kwenye damu kama inavyotakiwa: nyingine inachelewa, nyingine inatoka kidogo leo na nyingi kesho.

Sasa tazama kilichompata mama huyu, ambaye anapika maandazi ya kuuza hapa Dodoma. Alianza na insulini ya mchanganyiko, ya haraka na ya polepole pamoja, uniti 24 asubuhi na 12 jioni. Miezi ikapita, sukari ikawa juu, inasoma 15, mara 17. Kila akija kliniki dozi inaongezwa kidogo, na hakuna aliyempapasa tumbo, nami nikiwemo. Akafika 36 asubuhi na 20 jioni. Zile 20 zilikuwa zinapambana na kinundu, sehemu tu ndiyo ikifika kwenye damu. Siku alipochoma pajani, kwenye ngozi isiyowahi kuguswa, zote 20 zikafika.

Yeye si wa kwanza. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Hispania uliopima watu 430 wanaochoma insulini. Karibu theluthi mbili walikuwa na vinundu hivi. Waliokuwa navyo, 39 katika kila 100 walikuwa wakishukwa na sukari bila sababu ya kueleweka. Wasiokuwa navyo ni kama 6 tu katika kila 100.

Hata hivyo sikutaka kukimbilia kinundu peke yake. Dozi ile ile inaweza kumshusha mtu kwa sababu nyingine, na ya kwanza niliyoulizia ni mahali anapohifadhi dawa, maana nyumbani kwake hakuna friji. Insulini iliyochomwa na joto haimshushi mtu, inapoteza nguvu na sukari inapanda. Lakini kama kichupa cha zamani kilikuwa kimechoka na dozi ikaongezwa kukifidia, siku ya kufungua kipya mtu anaanguka. Kwa hiyo swali la msingi lilikuwa: kichupa umefungua lini? Wiki mbili zilizopita, akasema, na sukari ilikuwa juu vile vile kabla na baada ya kukifungua. Sababu hiyo ikaondoka.

Anavyokihifadhi pia nilikubali. Ana chungu kikubwa, ndani yake chungu kidogo, katikati amejaza mchanga anaoulowanisha asubuhi na jioni. Kichupa kinakaa kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko ndani ya chungu kidogo, juu panafunikwa kitambaa kibichi, na vyote viko kivulini mahali penye upepo. Maji yanapovukizwa kupitia udongo yanaondoka na joto. Dodoma, penye hewa kavu, mtindo huu unafanya kazi vizuri sana. Dar es Salaam au Tanga hewa imejaa unyevu, maji hayavukizwi kwa kasi, kwa hiyo chungu kinapoza kidogo tu. Bado ni afadhali kuliko juu ya kabati chini ya bati. Kopo ni la lazima, maana maji yakilowesha kichupa lebo inabanduka na kizibo cha mpira kinachafuka.

Watu wengi wanaogopa joto kupita kiasi, wanaisahau baridi. Kichupa ambacho hakijafunguliwa kinatakiwa kukaa nyuzi 2 hadi 8. Kilichofunguliwa kinaweza kukaa nje ya friji, mahali pa baridi ya kawaida, kwa takribani wiki nne. Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva waliangalia jambo hili kwa kufuata joto la kambi ya wakimbizi ya Dagahaley kule Dadaab, Kenya, ambako ndani ya makazi joto hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Matokeo yao ya mwaka 2021 yalionyesha kwamba kwa wiki nne insulini ilibaki na nguvu zake. Lakini insulini iliyoganda barafu hata mara moja ni ya kutupa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima. Mtu anayemwomba jirani amwekee kwenye friji amwambie wazi: mlangoni, si kwenye barafu wala kugusa ukuta wa nyuma. Na popote ilipokaa, ukiona mabonge yanayoelea au utando mweupe kama ukungu umegandia kwenye kioo, usiichome. Insulini isiyo na weupe, inayoonekana kama maji safi, ikipata ukungu, hivyo hivyo.

Sababu ya pili niliyoitafuta ni mkono wake. Nilimpa kichupa, nikamwambia anionyeshe. Alikichukua, akavuta dawa moja kwa moja. Hapo nikamsimamisha. Insulini ya mchanganyiko ikikaa inajitenga kama tui: maji juu, weupe chini. Ukivuta bila kuichanganya, leo unapata nyepesi na kesho unapata nzito. Kichupa kinaviringishwa katikati ya viganja mara kumi, kisha kinapinduliwa juu chini polepole mara kumi, mpaka kiwe cheupe sawasawa chote. Hakitikiswi kama chupa ya dawa ya kikohozi, kwani povu linaleta mapovu kwenye bomba na uniti zinapungua bila wewe kujua.

Baada ya hapo unavuta hewa kwenye bomba sawa na uniti unazotaka, unaisukuma ndani ya kichupa, unakipindua na kuvuta dawa. Bila ile hewa, kichupa kinakuwa na mvuto na kuvuta kunakuwa kugumu. Kabla ya kuchoma, unakunja ngozi kwa kidole gumba na cha shahada, unainua ngozi na mafuta yake tu, si nyama. Sindano inaingia wima, unasukuma hadi mwisho, unahesabu hadi kumi, unaichomoa, ndipo unaachia ngozi. Husugui. Mtu mwembamba asipokunja ngozi pajani anaweza kufika kwenye msuli, na huko insulini inanyonywa haraka mno. Hiyo nayo ni njia ya kushuka ghafla. Mama yetu ana mwili, na alikunja vizuri, kwa hiyo hilo halikuwa tatizo lake. Sindano yake ndiyo ilikuwa tatizo: moja kwa wiki nzima. Ncha yake inakuwa butu, inachana mafuta badala ya kuyapenya, na kinundu kinapata chakula. Sindano ni ya mara moja. Najua bei, lakini siwezi kusema vinginevyo.

Tukarudi kwenye kinundu. Nilichora duara kwa kalamu kukizunguka, nikamwambia hapo ni marufuku mpaka nitakapopapasa tena. Tumbo tukaligawa mara nne kwa kitovu, tukaacha vidole viwili kila upande wa kitovu, na kila wiki robo moja isipokuwa ile yenye duara. Ndani ya robo, kila sindano inakaa mbali na ya jana kwa upana wa kidole kimoja. Mapaja, sehemu ya juu upande wa nje, tukaweka akiba. Wapo wanaorukaruka, asubuhi mkono, jioni paja, kesho tumbo; mimi sishauri hivyo, kwa sababu kila sehemu inanyonya dawa kwa kasi yake na vipimo vinakuwa havisomeki.

Kilichobaki ni dozi, na hapa ndipo watu wanapojiumiza. Ukihama kutoka kwenye kinundu kwenda ngozi nzima na dozi yako kubwa, umejiongezea dawa bila kujua. Daktari wa zamu alimpunguzia dozi kwa moja ya tano: 36 ikawa 29, 20 ikawa 16, apime kabla ya kila mlo na mara moja usiku kwa wiki ya kwanza, arudi na daftari. Wewe usijipangie kwa hesabu ya mama huyu. Mwambie daktari kwamba unahama kabla hujahama.

Kuhusu usiku wenyewe, alisimulia hivi. Alichoma saa moja jioni. Insulini ile nyeupe inafanya kazi kwa nguvu zaidi kuanzia masaa manne hadi masaa kumi baada ya kuchomwa, na yeye aliamka saa tisa usiku, shuka limelowa, mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, njaa ya ajabu. Huo ni mwili unapiga kengele. Ikipuuzwa, ubongo unaanza kukosa sukari: mtu anachanganyikiwa, ulimi mzito, anakuwa mkali kama mlevi. Mama alianza kumfokea mwanawe aliyekuwa anamsaidia. Mtoto akapima, 2.6, akampa kilichokuwepo: andazi.

Andazi lina mafuta, na mafuta yanachelewesha sukari kutoka tumboni. Nusu saa baadaye kipimo kilisoma 2.9 tu. Jirani ndiye aliyekuja na soda. Dakika 15, 5.1. Chini ya 4 hutafuti chakula, unatafuta sukari tupu: vijiko vitatu hadi vinne vya chai kwenye nusu glasi ya maji, au nusu ya chupa ya soda, ile yenye sukari. Mtoto mdogo vijiko viwili. Unasubiri dakika 15, unapima, na kama bado chini ya 4 unarudia. Ikipanda ndipo andazi au ugali unakuja, ili isishuke tena. Huna kipimo na dalili zipo? Kunywa sukari kwanza. Na aliyepoteza fahamu asimiminiwe kitu mdomoni, atapaliwa. Alazwe ubavu na akimbizwe hospitali akachomwe glukosi kwenye mshipa.

Mwanawe sasa ana chupa ndogo ya sukari iliyopimwa tayari, inakaa kando ya kitanda. Miezi mitatu baadaye nilipopapasa tena, duara lilikuwa limefutika kwa kuoga na kinundu kimebaki kama kokwa ya embe dogo. Jioni anachoma uniti 14.